Nilipitiwa na usingizi mtoto akiwa kifuani

Shikamoo Shangazi,

Mwanangu alizaliwa katika wiki ya 32 ya ujauzito akiwa na gramu 1,650. Sasa ana siku 20, ana gramu 1,880, na tumeruhusiwa kurudi nyumbani siku tano zilizopita. Wauguzi walitufundisha, mimi na baba yake, kumbeba kwa njia ya kangaruu, ngozi kwa ngozi, na wakasisitiza kwamba tuendelee usiku na mchana. Juzi, mnamo saa kumi alfajiri, nilimnyonyesha nikiwa kwenye sofa, kisha nikamlaza kifuani, nikamshika kwa mikono na kujifunika blanketi. Sikumbuki nilisinzia saa ngapi. Nilipozinduka alikuwa ameteleza hadi tumboni, kidevu kimegusa kifua chake, yuko kimya kabisa, na midomo imebadilika rangi. Nilimnyanyua nikamsugua mgongo, akavuta pumzi na kulia. Tangu hapo naogopa kumbeba usiku. Mama mkwe anasema nimlaze tu katikati yetu kitandani. Je, niache kangaruu ya usiku? Na kama nisiiache, nitafanyaje wakati usingizi haunisikilizi?

Mama mwenye hofu

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mengine yote, mtoto huyo apelekwe akaonwe na daktari leo hii, hata kama tangu alfajiri ile ananyonya vizuri na rangi yake imerudi. Kwa jinsi ulivyoeleza, sababu iliyo karibu zaidi ni shingo iliyojikunja, maana alivuta pumzi mara tu uliponyanyua mwili wake na kichwa kikanyooka. Hata hivyo, mtoto njiti wa umri wake bado anaweza kusita kupumua kwa sababu tu ubongo wake haujakomaa vya kutosha kuendesha pumzi bila kusahau, na maambukizi nayo, kwa watoto wadogo kama huyu, huweza kujionyesha kwa kusita kupumua hata kabla ya homa kutokea. Hakuna mtu anayeweza kuyatenganisha mambo haya matatu kwa kusoma barua. Mkifika, mwelezeni daktari mtoto alikuwa katika mkao gani, rangi ya ulimi na ya ndani ya midomo ilikuwaje, na ulifanya nini hadi akarudi. Kama kabla ya kwenda utaona anaguna kila anapotoa pumzi, mbavu zinabonyea ndani anapovuta hewa, amelegea au anakataa kunyonya, hiyo ni dharura na si miadi ya kusubiri zamu.

Mpaka atakapokuwa ameonwa, kangaruu iendelee kwa mtu aliye macho tu. Swali lako la usiku nitalijibu kwa marefu hapa chini, lakini usianze kuyatekeleza maelezo ya kulala naye kifuani kabla daktari hajakwambia kwamba hana kasoro ya kupumua na kabla muuguzi hajaangalia kwa macho yake namna unavyofunga mbeleko.

Sasa tuangalie kilichotokea chini ya lile blanketi. Kichwa cha mtoto njiti ni kikubwa na kizito ukikilinganisha na mwili wake, kisogo chake kimejitokeza nyuma, na misuli ya shingo haina nguvu ya kukiinua kikishaanguka. Bomba la hewa lenyewe ni jembamba na laini. Kidevu kinapokutana na kifua, bomba hilo hujikunja mfano wa mpira wa maji uliopindwa, na hewa hupungua au hukoma. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mtoto wa namna hii hapigani wala halii, yeye hunyamaza. Mtu mzima akikabwa atarusha mikono na kukuamsha, lakini mtoto wa gramu 1,880 huchoka katika muda mfupi, akatulia, na utulivu huo mzazi aliyesinzia huuchukulia kuwa ni usingizi mnono. Kwa hiyo usitegemee kwamba atakuamsha.

Mkao unaolinda njia ya hewa ni huu. Mtoto awe wima kati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, miguu imekunjwa na kutanuliwa kama ya chura, mikono imekunjwa pembeni. Kichwa kimegeuzwa upande mmoja, shavu likiwa juu ya mfupa wa kidari chako, na kidevu kimeinuka kidogo tu, kama mtu anayenusa harufu iliyo mbele yake. Kidevu kisiinuliwe mno hadi shingo irudi nyuma, kwa sababu huko nako bomba la hewa hubanwa. Kipimo rahisi ni kidole chako: kipite bila kulazimishwa kati ya kidevu chake na kifua chake, na bila kuvuta nguo yoyote uweze kuyaona matundu yote mawili ya pua. Usipoyaona, mkao huo haufai, hata kama mtoto anaonekana ametulia.

Kinachoshikilia mkao huo usiku ni mbeleko, si mikono. Hapa ndipo kosa la alfajiri ile lilipo, na nakwambia si kwa kukulaumu. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya wodi ya watoto njiti, niliwahi kumshikia mama mmoja mtoto wake wa gramu 1,400 aende kuoga, nikaketi kwenye kiti, na nikashtukia mwenzangu akimnyanyua kutoka kwenye mapaja yangu. Nilikuwa nimesinzia kwa dakika chache tu, na nilikuwa mtu wa kazi hiyo, nimevaa sare yake. Mikono ya mtu aliyesinzia hulegea, na hakuna mapenzi ya mama yanayoweza kuizuia isilegee.

Mfunge mtoto ukiwa umesimama au umeketi wima, kabla hujaegemea popote. Avae nepi, kofia na soksi tu, nawe usiwe na nguo wala sidiria kati yenu. Ukingo wa juu wa mbeleko uishie chini kidogo ya sikio lake, ili kitambaa kiegemeze kichwa bila kukaribia pua. Sehemu iliyokazwa ipite juu ya mgongo wake usawa wa kifua. Tumbo lake, ambalo litakuwa karibu na chembe cha moyo chako, liachiwe nafasi, kwa kuwa watoto hawa hupumua kwa kutumia tumbo zaidi, na ukilibana utakuwa umezuia pumzi kwa njia nyingine. Ukishafunga, simama, weka kiganja chini ya makalio yake bila kumgusa, kisha jiinamishe kidogo mbele. Akishuka hata upana wa vidole viwili, fungua na ufunge upya. Kitambaa cha kuvutika kidogo hushika vizuri zaidi kuliko kilicholegea, na fundo likae ubavuni pako, mahali ambapo halitakuumiza wala kukulazimu kulifungua ulalapo.

Mwegamo wako ndio unaofuata kwa uzito. Ukilala chali kabisa, mtoto naye anakuwa amelala kifudifudi juu yako. Kwa mtoto njiti huenda kuna faida kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, kwa sababu kusita kupumua kunaweza kupungua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 ulitaja mwegamo wa takribani nyuzi 15 kwa mama anayelala na mtoto kifuani. Wauguzi wengi huinua zaidi ya hapo, hadi karibu nyuzi 30. Huhitaji kitanda cha hospitali. Kunja mablanketi mawili au matatu yaliyo magumu, uyaweke chini ya godoro upande wa kichwani, ili mteremko uanzie kiunoni. Mito iliyorundikwa nyuma ya kichwa chako pekee haisaidii, kwa sababu wewe utakunja shingo, kifua kitabaki tambarare, na baada ya nusu saa utakuwa umeteleza chini pamoja naye. Weka pia kitambaa kilichoviringishwa chini ya magoti yako. Ndicho kitakachokuzuia usiteleze.

Blanketi lako liishie chini ya mabega ya mtoto. Ngozi yako ndiyo inayompa joto, na kofia inatosha kichwani. Funga nywele nyuma, vua mkufu na mtandio, na usiache mto wowote ulegee karibu na uso wake. Usilale ubavu ukiwa umemfunga, kwa kuwa ukilala hivyo uso wake hugeukia godoro. Kama unajijua kuwa mtu wa kugeukageuka usingizini, mwambie muuguzi waziwazi, na kwako kangaruu ya usiku iwe ya kukaa macho tu.

Sofa na kiti cha mikono visitumike tena kwa kunyonyeshea usiku. Watu hudhani kiti ni salama kuliko kitanda kwa sababu hawakukusudia kulala humo, lakini kutokukusudia huko ndiko kunakoleta hatari: hukujiandaa, hukumfunga, na sehemu laini ya kati ya mto na mkono wa kiti ni mtego ambao uso wa mtoto huingia na kukosa pa kutokea. Hatari ya kifo kwa mtoto anayelala na mzazi kwenye sofa ni kubwa kupita ya kitandani. Usiku nyonyesha kitandani, kwenye ule mteremko uliouandaa, ili usingizi ukikuzidi ukukute mahali palipoandaliwa.

Ushauri wa mama mkwe umetokana na upendo, na nakuomba umjibu kwa heshima, lakini usiufuate. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37, au aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo mbili na nusu, asilazwe bila kufungwa kati ya watu wazima wawili. Yeye hawezi kusogeza blanketi usoni wala kujiondoa chini ya mkono uliomwangukia.

Huenda utasikia kauli mbili zinazopingana, na ni vizuri ujue zinatoka wapi. Tangu njia hii ilipoanza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, chini ya daktari Edgar Rey, watoto walifungwa wima vifuani mwa mama zao usiku na mchana. Leo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kangaruu kwa watoto njiti wote na waliozaliwa na uzito mdogo, saa 8 hadi 24 kwa siku, kadiri inavyowezekana. Upande wa pili, madaktari wa watoto katika baadhi ya nchi humtaka mzazi anayesikia usingizi amhamishie mtoto kitandani pake, chali, juu ya godoro gumu. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo inatokana zaidi na nani aliye macho. Wodini kuna muuguzi anayepita na taa. Nyumbani, ninyi ndio muuguzi. Kwa hiyo ninazipanga njia za usiku hivi: iliyo bora ni mtoto aliyefungwa kwa mtu aliye macho huku mwingine amelala. Inayofuata ni mama au baba aliyemfunga sawasawa, akaegemea kwenye mteremko, huku akikubali kwamba huenda atasinzia. Inayofuata baada ya hiyo ni mtoto kulala chali kwenye kitanda chake mwenyewe, kando yenu, amevalishwa vizuri. Mkikosa ya kwanza na ya pili, chukueni ya tatu bila kujuta, kwa kuwa saa 8 za kangaruu hutimia hata mchana.

Ile njia ya pili ina masharti. Usiku ambao wewe au baba yake amekunywa dawa yoyote inayoleta usingizi, ikiwemo baadhi ya dawa za maumivu baada ya upasuaji, au pombe, au ana homa, au anavuta sigara, mtu huyo asilale na mtoto kifuani. Naongeza sharti moja la uzoefu: mtu ambaye hajapata usingizi wa kutosha kwa siku mbili naye asilale na mtoto kifuani. Usingizi wa namna hiyo ni mzito kiasi kwamba hata mtu akihamisha kitanda hatazinduka.

Nichukue usiku wenu mmoja na kuupanga, mkishapata ruhusa ya daktari. Mtoto wako anahitaji kunyonya takribani kila baada ya saa tatu, hata kama hajalia, kwa sababu wa uzito huu hulala kupita njaa yake. Saa tatu usiku unamnyonyesha. Baba yake anamfunga kifuani pake na kuketi macho, taa hafifu ikiwaka, hadi saa sita, nawe unalala usingizi wako wa kwanza. Saa sita anakuamsha, unanyonyesha, na hapa weka kanuni: mnyonyo haujaisha mpaka mbeleko imefungwa tena. Unasimama, unafunga, unafanya lile jaribio la kujiinamisha, kisha unaegemea kitandani. Kabla baba hajalala, anawasha taa ya simu na kuangalia mambo matatu ambayo wewe huwezi kuyaona vizuri kutoka juu: pua iko wazi, kidole kinapita chini ya kidevu, ulimi una rangi ya waridi. Kwenye ngozi nyeusi midomo ya nje hudanganya. Ulimi na fizi havidanganyi. Kengele ya simu inalia saa saba na nusu kwa ajili ya kukagua tu, na saa tisa kwa ajili ya kunyonyesha. Saa kumi ndiyo saa iliyokushinda juzi, kwa hiyo baada ya mnyonyo huo wa saa tisa msijaribu ushujaa: mtoto aende chali kitandani pake hadi saa kumi na moja, kisha baba amchukue tena kifuani mpaka asubuhi.

Akiwa kitandani pake, mpime joto la kwapani baada ya saa moja. Likiwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, anaimudu nafasi hiyo. Likishuka chini ya 36.5, mrudishe kwenye ngozi ya mtu aliye macho na umpime tena baada ya saa moja. Lisipopanda, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Mtoto mwenye baridi hutumia nguvu zake kujipasha joto, na kusita kupumua huja kwa urahisi zaidi.

Akisita tena kupumua, fanya ulichofanya juzi, ila kwa mpangilio. Mnyanyue, nyoosha kichwa hadi mkao wa kunusa, sugua mgongo au piga nyayo kwa kidole. Mtoto anayesita zaidi ya sekunde 20, au anayebadilika rangi hata kwa muda mfupi zaidi, anahitaji hospitali baada ya kuzinduka. Asipovuta pumzi kwa kusuguliwa, mlaze chali mahali pagumu, kichwa kikiwa sawa bila kuinamishwa mbele wala nyuma, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, upulize pumzi ndogo za shavuni, kiasi cha kuona kifua kikiinuka tu, huku mwenzako akiita msaada. Maelezo ya maandishi hayatoshi kwa jambo hili. Mkienda leo, mwombeni muuguzi awafundishe ninyi wawili kwa mwanasesere, na kila mmoja afanye kwa mikono yake kabla hamjaondoka.

Kazi hii haitadumu. Mtoto akikaribia kilo mbili na nusu au tarehe ambayo angezaliwa, ataanza kuchomoa mikono kwenye mbeleko, atasukuma kwa miguu, atalia akifungwa na kunyamaza akifunguliwa. Siku hiyo ikifika, usiku wote alale chali kwenye kitanda chake, nawe ubaki na kangaruu ya mchana kwa muda ambao yeye bado anaipenda.

Shangazi